Niliandika "damu mililita 250"

Saa 11 na robo alfajiri simu ya leba iliita. Aliyepiga alikuwa daktari wa zamu wa hospitali tuliyompelekea mama kwa gari la wagonjwa muda mfupi kabla.

"Sista, huyu mama mmemwandikia damu mililita 250. Mapigo yake ni 124, presha 85 kwa 50. Damu nyingine imekwenda wapi? Na hapa naona kajifungua 8:48. Ni saa mbili usiku wa jana?"

Nikamjibu, "Hapana daktari, saa nane. Saa nane usiku huu."

Alinyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwambia mtu aliye karibu naye, "Bado tuko ndani ya saa tatu, mpeni traneksamiki sasa hivi." Akakata simu.

Dawa hiyo husaidia damu kuganda, na mwongozo unataka itolewe ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue. Kwetu ilikuwa imekwisha stoo. Mama alikuwa amejifungua saa 2 na dakika 27 kabla ya simu ile. Karatasi yangu ya muhtasari, kwa jinsi nilivyoandika saa, ilimwonyesha daktari kwamba zimepita zaidi ya nane. Asingepiga simu, angeamini karatasi.

Nimekuwa mkunga kwa miaka kadhaa na patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, naijua. Kilichonishinda usiku ule ni karatasi ya pili, ile nusu ukurasa inayotoka kwenye patografu na kwenda na mama popote aendapo. Chuoni tulifundishwa wiki nzima kuchora alama za X na nukta. Kufupisha tulifundishwa kwa kuona waliotutangulia wakiandika "amejifungua salama, mtoto hai, Apga 8/10, damu 250", na sisi tukaandika hivyo hivyo.

Nieleze usiku wenyewe. Kituo chetu ni cha afya, hakina damu ya kuongeza, na tulikuwa wakunga wawili zamu ya usiku. Mama huyo, mwenye miaka 24 na watoto wawili nyumbani, alifika jioni na uchungu wa kweli. Saa 1 usiku nilimpima: njia ya kizazi imefunguka sentimita 5, kichwa bado tatu ya tano juu ya nyonga, chupa haijapasuka, uchungu mara tatu ndani ya dakika kumi, mapigo ya mtoto 138. Nikaweka X yangu juu ya mstari wa tahadhari kama inavyotakiwa. Mstari ule hupanda sentimita moja kwa saa, kwa hiyo nilitegemea saa 5 usiku nimkute na sentimita 9.

Saa 5 nilimkuta na 7. Chupa ilikuwa imepasuka yenyewe dakika ishirini nyuma, maji meupe. X ikaangukia kulia kwa mstari wa tahadhari. Nilimshauri atembee, nikampa maji ya kunywa, nikamwambia akojoe, akakojoa. Daktari wetu akapewa taarifa, akasema tuendelee kumwangalia na tumpime mapema. Saa 7 alikuwa na 9, maji yameanza kuwa na rangi ya kijani hafifu. Saa 8 kamili mapigo ya mtoto yalishuka hadi 108, tukamgeuza mama upande wa kushoto, na dakika kumi baadaye yalikuwa 132 na njia imefunguka yote. Mtoto alitoka saa 8 na dakika 48, msichana wa gramu 3,400.

Hakulia. Nilimkausha, nikamsugua mgongo, akawa bado hapumui. Nikamvuta mezani na kumpa hewa kwa ambu. Ilipofika kama dakika moja na nusu alivuta pumzi mwenyewe na kulia. Mwenzangu alikuwa amemchoma mama oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, uniti 10 kwenye msuli, kondo la nyuma likatoka saa 8 na dakika 57, zima. Msamba ulichanika daraja la pili, nikashona.

Halafu nikakaa kuandika. Ilikuwa karibu saa 10, mama mwingine anasukuma chumba cha pili, na niliandika kwa kichwa, patografu ikiwa mezani hatua tatu kutoka nilipokaa. Dakika chache baadaye mama alisema anasikia kizunguzungu. Mapigo yalikuwa 118, presha 90 kwa 60, kizazi laini kama unga uliolowa. Tulikisugua, yakatoka mabonge, tukaweka dripu yenye oksitosini, tukaweka mpira wa mkojo. Ukatoka mkojo mililita 600. Tukaita gari. Muhtasari nilioandika kabla hajalegea ndio uliopanda gari pamoja naye. Sikuubadilisha hata neno, na patografu ilibaki wodini.

Mama alipona. Aliongezewa chupa mbili za damu, na mume wake na shemeji yake walitakiwa kuchangia damu asubuhi ile ile. Alilala siku tano, na watoto wawili nyumbani walilelewa na jirani. Mimi niliandika barua ya maelezo na kulala vibaya kwa wiki nyingi. Ninachotaka kueleza hapa ni yale niliyoyaona nilipokaa na inchaji wetu, patografu upande mmoja na muhtasari wangu upande mwingine, tukipita mstari kwa mstari.

Tulianza na saa. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, vifaa vya wodini vinahesabu saa 24, na watu wengine wanaandika kwa saa 12 za Kiingereza. Kwenye karatasi zangu mitindo ilichanganyika: juu ya patografu nimeandika 19:00, katikati "5 usiku", na kwenye muhtasari "8:48" bila neno lolote. Mimi nilijua nina maana gani. Daktari aliyechoka, wodi nyingine, hakuwa na njia ya kujua. Sasa naandika saa 24 tu, tarakimu nne, 02:48, na tarehe kando yake, kwa sababu usiku huvuka tarehe. Mama alipokelewa tarehe moja na kujifungua tarehe nyingine, na hilo peke yake linaweza kumpoteza msomaji. Na kabla sijahesabu muda wowote, nabadilisha kwanza saa zote ziwe za mtindo mmoja.

Kuhesabu kwenyewe si kugumu, ila kuna pa kuwa mkweli. Toka 19:00 hadi 02:10 ni saa 7 na dakika 10, lakini huo si urefu wa hatua ya kwanza ya uchungu, kwa sababu mama alinifikia tayari na sentimita 5. Ni muda tuliouona sisi. Vivyo hivyo 02:10 ni saa niliyogundua kwamba njia imefunguka yote, huenda ilifunguka kabla. Naandika "saa 7 dakika 10 tangu kupokelewa" na "dakika 38 tangu kugunduliwa sentimita 10". Maneno mawili matatu tu, na msomaji anajua uzito wa namba.

Baada ya saa tukaja kwenye lile nililolitupa kabisa: kwamba uchungu ulikwenda polepole. Muhtasari wangu ulisema "uchungu wa kawaida". Nilikuwa najiambia kwamba kwa vile X haikufika mstari wa hatua, ule ulio saa nne kulia kwa mstari wa tahadhari, basi hakuna la kusema. Inchaji aliweka kidole kwenye X ya saa 5 na kuniuliza, "Hii ni nini?" Nikasema imevuka tahadhari. Akashusha kidole hadi chini, safu ya mkojo. Kulikuwa na alama ya saa 5 usiku, kisha nafasi tupu hadi asubuhi.

Hapo ndipo nilipoelewa usiku wangu. Kizazi kilichofanya kazi kwa muda mrefu huchoka na kulegea. Kibofu kilichojaa hukizuia kujikaza. Yote mawili yalikuwa yameandikwa mbele yangu: moja kwa X, jingine kwa nafasi tupu. Laiti ningefupisha patografu badala ya kufupisha kumbukumbu yangu, ningelazimika kuandika "mkojo wa mwisho 23:00", na mkono ungesita hapo. Ndiyo maana sasa nasoma patografu kwa safu, kutoka juu hadi chini, na kila safu nailazimisha itoe sentensi moja, hata ikiwa sentensi yenyewe ni "haikupimwa".

Kwa mapigo ya mtoto siandiki nukta zote. Naandika kiwango cha chini na cha juu, kisha yale yaliyotoka nje ya 110 hadi 160, yalitokea saa ngapi, tulifanya nini, yakarudi saa ngapi. Kwa maji naandika rangi na saa ilipobadilika. Kwa njia naandika vipimo vyote, kwa kuwa ni vichache, na kama mstari ulivukwa.

Na hapa nina jambo la aibu la kukiri. Kati ya saa 6 na saa 7 usiku sikumpima mtoto huyo mapigo. Nilikuwa na yule mama wa chumba cha pili. Baada ya kujifungua niliweka nukta mbili za 140 ili mstari uungane. Wakunga wengi watanielewa, maana wakaguzi huhesabu nukta. Lakini kama mtoto yule angepata shida baadaye, daktari wa watoto angesoma kwamba saa 6 na nusu alikuwa salama, wakati hakuna aliyejua. Nilimwambia inchaji. Hakupiga kelele. Aliniambia nichore mstari mmoja juu ya kila nukta ya uongo, isomeke bado, niandike kando "haikupimwa", tarehe, saa ya marekebisho, na sahihi yangu. Nilitaka pia kuandika upya muhtasari na kuutupa ule wa kwanza. Alikataa. Ule wa kwanza unabaki kwenye faili, wa pili unaandikwa "nyongeza" na saa yake halisi. Faili iliyosafishwa baada ya tukio haiwezi kumsaidia mtu kuelewa kilichotokea.

Sasa damu, ambayo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Ile 250 ilitoka wapi? Kwenye bakuli nililokinga wakati wa kondo kulikuwa na kama mililita 150, nayo nilipima. Mia nyingine niliikisia kwa kutazama kanga. Nadhani pia, nikijichunguza, nilijua kwamba kuanzia 500 kunaitwa kutokwa damu kupita kiasi na kuna fomu nyingine za kujaza, na jicho lililochoka huona kile linachotaka kuona. Kwa macho, sote tunakisia pungufu, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo tunavyopunguza zaidi.

Vile vitambaa vilikuwa bado kwenye ndoo. Inchaji alileta mizani ya watoto. Kanga moja niliyoitandika baada ya mtoto kutoka, pamoja na pedi zote, vilikuwa gramu 870. Tukapima kanga kavu ya aina ile ile na pedi kavu idadi ile ile: gramu 290. Tofauti ni gramu 580, na gramu moja ya damu tunaihesabu kama mililita moja, kosa lake ni dogo. Jumlisha 150 za bakuli, unapata 730. Bado hapo hatujagusa mabonge yaliyofutwa saa 10, wala iliyomwagika sakafuni. Nilikuwa nimeandika 250.

Kilichofanya hesabu hiyo iwezekane ni bahati tu: kanga ile ilitandikwa baada ya mtoto kutoka. Ingekuwa ndiyo aliyozalia, ingekuwa na maji ya chupa na mkojo, na gramu zake zisingesema kitu. Siku hizi mtoto akitoka tu, mwenzangu anavuta kitambaa kilicholowa na kuweka kikavu ambacho uzito wake tunaujua. Tumepima kanga zetu za wodini na kuandika uzito kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye pindo. Wapo wenye shuka la plastiki lenye mfuko na alama za mililita, kama lililotumika kwenye utafiti wa E-MOTIVE uliofanyika Tanzania, Kenya, Nijeria na Afrika Kusini na kutangazwa mwaka 2023. Ukiwa nalo litumie. Sisi tuna mizani.

Kwenye muhtasari naandika namba pamoja na namna ilivyopatikana: "730, imepimwa kwa bakuli na mizani, bila mabonge" ni tofauti kabisa na "730, makisio". Na mwisho naiweka namba hiyo mbele ya mapigo na presha ya mama. Gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha. Mama aliyetulia hubaki chini ya 0.9. Wangu alikuwa 118 kwa 90, yaani 1.3. Mama mzima hafiki hapo kwa mililita 250. Namba ya damu na mapigo vikigombana, mimi sasa naamini mapigo na kurudi kutafuta damu: chini ya matako, kwenye kitanda, ndani ya kizazi.

Kuhusu mtoto, niliandika Apga 8/10, yaani alama za hali yake alipozaliwa. Hiyo haikuwa yake, ilikuwa ya mazoea. Tulipokaa na kuikokotoa kwa yale tuliyoyaona: dakika ya kwanza moyo juu ya 100, alama 2, kupumua hakuna, 0, misuli imekunjika kidogo, 1, anakunja uso akisuguliwa, 1, mwili wa waridi na mikono ya bluu, 1. Jumla 5. Dakika ya tano alipata 9, viganja vilikuwa bado bluu. Naandika zote mbili, na muhimu kuliko zote, kilichofanyika kati yake. "Apga 5 na 9" haimwambii mtu kwamba mtoto alipewa hewa kwa ambu, wala alilia dakika ya ngapi. Anayempokea mtoto anataka kujua hilo, kwa sababu mtoto aliyechelewa kupumua na aliyetoka kwenye maji ya kijani anahitaji kuangaliwa pumzi kwa saa kadhaa zinazofuata. Kwa muhtasari wangu wa kwanza angewekwa kando ya mama na kusahaulika.

Huu ndio muhtasari wa nyongeza kama nilivyouandika mwishowe. Ulichukua robo tatu ya ukurasa:

"Mama miaka 24, mimba ya 3, watoto 2 hai, wiki 39. Kupokelewa 19:00, njia sm 5, kichwa 3/5. 23:00 sm 7, imevuka mstari wa tahadhari, daktari amejulishwa. 01:00 sm 9. 02:10 sm 10. Haikufika mstari wa hatua. Chupa ilipasuka yenyewe 22:40, maji meupe, kijani hafifu kuanzia 01:00. Mapigo ya mtoto 132 hadi 152, isipokuwa 108 saa 02:00, mama kageuzwa kushoto, 132 saa 02:10. Hayakupimwa 00:00 na 00:30. Mkojo wa mwisho 23:00.

Kajifungua kwa njia ya kawaida 02:48, msichana hai, g 3,400. Oksitosini uniti 10 msulini 02:49. Kondo 02:57, zima. Msamba daraja la pili, umeshonwa.

Damu si chini ya ml 730 (bakuli 150, mizani 580, mabonge hayakupimwa). 04:00 kizazi kimelegea, mapigo 118, presha 90/60. Kimesuguliwa, dripu ya oksitosini, mpira wa mkojo ml 600. Traneksamiki haikutolewa, haipo.

Mtoto: hakupumua alipozaliwa, hewa kwa ambu, kalia dakika 1 na nusu. Apga 5 na 9. Ananyonya, anahitaji kuangaliwa pumzi."

Angalia mstari wa traneksamiki. Siku hizi naandika pia ambacho hakikutolewa, kama ni kitu ambacho anayepokea atadhani kimetolewa. Na mama akibadilika baada ya muhtasari kuandikwa, naongeza mstari wenye saa hata kama gari linapiga honi nje, na patografu yenyewe inakwenda naye, nakala ikibaki kwetu.

Miezi michache baadaye tulipeleka mama mwingine usiku, damu zaidi ya lita. Simu ya wodi iliita tena, na moyo ulinidunda. Daktari aliuliza kitu kimoja tu: kundi lake la damu. Lilikuwa kwenye kadi ya kliniki, na kadi ilikuwa kwenye mkoba wa mama mkwe aliyebaki nje kwetu akisubiri kupambazuke. Tangu usiku huo kundi la damu naliandika mstari wa kwanza, kando ya umri.